UPS ya Kariakoo na umeme wa Kalemela

Wandugu, leo nina ugomvi na watu wa mjini. Najua wengi mnaopita hapa ni wa mjini, kwa hiyo kaeni vizuri, maneno haya ni yenu.

Kuna imani moja imeenea sana kati yetu sisi tuliosoma soma kidogo. Inasema hivi: ukinunua kompyuta ya mezani, nunua na UPS, chomeka, basi umemaliza. Ndugu yako kule nyumbani akikupigia kwamba anataka kufungua kibanda cha kuchapa na kutoa kopi, unaingia Kariakoo, unanunua mashine, unaongeza boksi la UPS lililoandikwa 650VA, juu yake unatupia ekstensheni yenye taa nyekundu iliyoandikwa "seji", unapakia kwenye basi. Unajiona umetimiza wajibu. Mimi nasema hapana. Mara nyingi umempelekea mdogo wako sanduku la kupiga kelele, na kompyuta imebaki vile vile bila ulinzi.

Tuchukue Kalemela, maana mifano ya hewani haisaidii. Kalemela ni kata ya wilaya ya Busega, mkoa wa Simiyu, upande ule ambao wilaya inapakana na Ziwa Victoria. Mkoa wenyewe ni wa 2012 na makao makuu yake ni Bariadi. Fikiria kibanda cha steshenari mahali kama pale: kompyuta moja ya mezani, monita moja, printa moja ya leza, na kijana mmoja anayeishi kwa barua za maombi ya kazi na fomu za shule. Mtaji wake wote uko kwenye meza moja.

Sasa simu inayokuja mjini baada ya mwezi huwa ya namna hii. "Shikamoo kaka. Hii UPS inalia tu, pi pi pi, halafu inazima." Kaka anajibu, "Marahaba. Si umeme umekatika?" Na mdogo anasema, "Hapana kaka, umeme upo, taa zinawaka." Kaka wa mjini anahitimisha kwamba UPS ni feki. Wala si lazima iwe feki. Inawezekana ni nzima kabisa na inafanya kazi ile ile iliyotengenezewa. Kosa ni kwamba imepelekwa kutibu ugonjwa ambao si wake.

Hapa ndipo ninapotaka tuelewane. Umeme mbovu si ugonjwa mmoja. Yako magonjwa matatu. La kwanza ni umeme kukatika kabisa. La pili ni volti kushuka chini au kupanda juu na kukaa huko kwa dakika au saa nzima. La tatu ni mruko, yaani volti inaruka juu ghafla kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, kama inavyotokea radi ikipiga karibu na laini. Kila ugonjwa una dawa yake, na dawa ya mmoja haitibu mwingine. Mjini ugonjwa tunaoukumbuka ni ule wa kwanza, kwa sababu ndio uliotutesa kwenye mgawo wa 2006 na wa 2011. Kijijini unaoua biashara kimya kimya ni wa pili.

Najua kuna watakaosema mambo hayo yamepita, sasa tuna Bwawa la Nyerere. Kweli, mtambo wa kwanza uliwashwa Februari 2024, mitambo ipo 9 na jumla yake ni megawati 2,115. Sipingi hata kidogo. Lakini hiyo ni habari ya umeme kuzalishwa Rufiji. Umeme kufika kwenye soketi ya Kalemela ukiwa na volti 230 ni habari nyingine. Kisima kikijaa maji, haina maana bomba la mwisho wa mtaa litakuwa na nguvu.

Piga hesabu pamoja nami. Waya wa alumini wa milimita za mraba 50, unaotumika sana kwenye nguzo za mtaani, una ukinzani wa kama omu 0.64 kwa kilomita moja. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo nyumba iliyo kilomita 1 kutoka kwenye transfoma ina omu 1.28 njiani. Jioni watu wakiwasha vitu vyao, na kwenye waya huo zikapita ampea 30, zidisha: unapoteza volti 38 barabarani. Ulitoka transfoma na 230, umefika na 192. Ongeza mtu mwenye mashine ya kuchomelea, ongeza pasi mbili tatu, na uko kwenye 175 bila bwawa lolote kuwa na tatizo. Mota ya mashine ya kusaga inapoanza kuzunguka huvuta mara kadhaa ya ampea zake za kawaida, na hapo taa za jirani zinanywea kwa sekunde kadhaa. Wote tuliokulia huko tunaijua ile hali.

Basi turudi kwenye lile boksi la 650VA. UPS za bei ya chini kabisa ni za aina ambayo, umeme ukiwa mzuri, inaupitisha tu kama ulivyo. Ukitoka nje ya mipaka yake, inahamia kwenye betri. Haina njia ya kati. Mpaka wa chini wa nyingi uko karibu na volti 170 hadi 180. Sasa saa moja jioni volti ziko 172. Taa zinawaka, feni inazunguka kivivu, lakini UPS inaona umeme haufai na inahamia betri. Ndiyo ile pi pi pi. Ndani yake mara nyingi kuna betri moja ya volti 12 na ampea-saa 7. Zidisha, unapata wati-saa 84 kwenye karatasi. Ukiinyonya haraka, na ukiondoa kinachopotea ndani ya UPS yenyewe, unabaki na kama nusu, tuseme 40. Kompyuta na monita vikila wati 150 kwa pamoja, 40 gawa kwa 150 ni kama robo saa, na hiyo ni betri mpya. Baada ya robo saa kila kitu kinazima huku taa zinawaka.

Ubaya hauishii hapo. UPS ndogo huhitaji saa 6 hadi 8 kuchaji betri ikajaa tena. Jioni imenyonywa, usiku umeme umekatika, kesho jioni inanyonywa tena kabla haijajaa. Betri hizi ni za risasi na asidi, na betri ya risasi ikikaa bila kujaa inaharibika ndani. Weka na joto la kibanda cha bati: kwa kawaida betri ya namna hii hupoteza karibu nusu ya maisha yake kwa kila nyuzi 10 zinazozidi 25. Kwa hiyo betri ambayo kwenye ofisi yenye kiyoyozi ingekaa miaka 3 au 4, kule inakufa mapema mno. Mdogo wako hana pa kununua nyingine pale senta, anaichomoa UPS na kuchomeka kompyuta ukutani. Umerudi ulikoanzia, ukiwa umetumia pesa.

Dawa ya ugonjwa huu ipo na haihitaji digrii. Kuna UPS za daraja la pili ambazo ndani yake zina kitu kinachoandikwa AVR kwenye boksi. Ni transfoma yenye matoleo kadhaa. Volti zikishuka, haikimbilii betri, inahama toleo na kuongeza kama asilimia 15 hivi. Zile 175 zinakuwa 201, na kompyuta haina neno na 201. Betri inabaki imejaa ikisubiri siku ya kukatika kweli. Volti zikipanda sana, inafanya kinyume, inapunguza.

Kwa hiyo namba ya kutafuta kwenye boksi si VA peke yake. Geuza boksi, tafuta mstari wa umeme unaoingia. Ukikuta imeandikwa 140-300V au 162-290V, hiyo ina upana wa kuishi Kalemela. Ukikuta 180-260V, iache hapo hapo dukani. Ukikuta hakuna namba yoyote, iache kwa haraka zaidi. Kuhusu VA, angalia wati zilizoandikwa pembeni, maana VA si wati. UPS ya 650VA mara nyingi inabeba wati 360 hadi 390 tu. Kwa kompyuta na monita ya wati 150 inatosha. Printa ya leza usiichomeke humo kabisa, kwa sababu ina hita ndani inayovuta wati mia kadhaa kwa mpigo, na UPS itazidiwa. Printa ibaki kwenye soketi yake.

Tuje kwenye ile ekstensheni yenye taa nyekundu, maana hapa ndipo watu wanapodanganywa zaidi. Seji protekta ya kweli ndani yake ina visahani vidogo, ukubwa wa sarafu, vyenye rangi ya bluu au njano. Volti zikiwa za kawaida havipitishi kitu. Ukija mruko, vinafunguka na kuumwaga pembeni usifike kwenye mashine. Kwa umeme wetu wa 230 visahani hivi kwa kawaida ni vya daraja la volti 275, na vinaukaba mruko ukiwa kwenye volti 700 hivi. Soma tena hapo: 700, na kwa muda wa sehemu chache za milioni za sekunde. Maana yake volti zikishuka hadi 160, seji protekta haifanyi chochote. Zikipanda hadi 350 na kukaa huko nusu dakika, visahani vinapata moto na kuungua vyenyewe, na bahati yako ikiwa mbaya mashine inafuata.

Na volti 350 si hadithi. Laini ya fezi tatu inategemea waya wa nyutro uwe mzima. Nyutro ikikatika au ikilegea kwenye nguzo, nyumba zilizo kwenye fezi tofauti zinajikuta zimeungwa kwa mfuatano, na yule mwenye vifaa vichache anapokea volti nyingi, hata kukaribia 400. Dalili yake ni rahisi kuijua: kwako taa zinawaka kwa mwanga mkali usio wa kawaida, kwa jirani zimefifia. Ukiona hivyo usianze kushangaa, zima meni swichi kisha piga simu TANESCO.

Dawa ya hali hii ni kifaa cha tatu ambacho watu wa mjini wanakidharau: friji gadi, au gadi ya volti kwa ujumla. Hiki hakirekebishi umeme. Kinauangalia tu, na ukitoka nje ya mipaka kinakata, kisha kinangoja kidogo ukitulia ndipo kinarudisha. Bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya UPS, na kwa umeme unaopanda na kukaa juu ndicho kinachookoa.

Lakini ngoja. Hapa kuna mtego ambao hata mafundi wengine wanauingia. Gadi ya friji imetengenezwa kulinda kompresa, ambayo haipendi volti ndogo, kwa hiyo nyingi hukata umeme ukishuka chini ya 185 hivi, na hungoja dakika 3 au zaidi kabla ya kurudisha. Sasa umenunua UPS nzuri inayoweza kuishi kwenye volti 140, halafu mbele yake umeweka mlinzi anayefunga mlango kwenye 185. Ile AVR uliyoilipia haitapata nafasi ya kufanya kazi hata siku moja. Kila jioni gadi inakata, UPS inahamia betri, na wimbo wa pi pi pi unaanza upya. Halafu mtu anasema UPS zote ni takataka!

Kwa hiyo tafuta gadi ya kurekebisha mipaka, zile zenye vioo vidogo vya namba. Mpaka wa juu weka 265. Mpaka wa chini uweke sawa na ule wa UPS yako au chini yake kidogo, kwa mfano 140. Muda wa kungoja weka mfupi, sekunde 30 zinatosha, maana kompyuta haina kompresa na wakati huo UPS inaibeba. Mpangilio unakuwa huu: soketi ya ukutani, kisha gadi, kisha UPS, kisha kompyuta na monita. Seji protekta ya kweli, kama unayo, ikae upande wa ukutani. Usiichomeke kwenye mgongo wa UPS, wala usitumie mgongo huo kugawia umeme wa chaji za simu za wateja. Hiyo ndiyo njia ya kuzidisha mzigo bila kujua.

Kuna kitu kimoja kinachoamua kama vyote hivi vina maana, nacho hakiuzwi Kariakoo. Ni ethi. Sehemu ya kazi ya seji protekta ni kumwaga mruko ardhini. Kama ule mguu wa juu wa plagi umeingia kwenye soketi isiyo na waya wa ethi, au waya upo lakini fimbo iliyochimbiwa nje imekatwa na jembe, basi mruko unaoinua fezi na nyutro kwa pamoja hauna pa kwenda. Radi hufanya hivyo hivyo. Na ukanda wa Ziwa Victoria ni kati ya sehemu zenye radi nyingi sana duniani. Kalemela haiko mbali na maji hayo.

Usijipimie ethi kwa taa na waya mbili, watu wamekufa hivyo. Mwite fundi mwenye leseni ya EWURA, mwambie apime ethi kwa kipimo chake, na akuonyeshe namba. Fundi anayegusisha testa kwenye soketi na kusema "iko poa" hajapima ethi. Testa inaonyesha fezi tu. Na hata ethi ikiwa nzuri, hakuna kifaa cha mezani kitakachozuia radi iliyopiga nguzo ya jirani. Wingu likianza kunguruma, zima, chomoa plagi ukutani, na chomoa waya wowote unaotoka nje kama upo. Kwa radi ya karibu, kuchomoa ndiyo kinga ninayoiamini.

Sasa ungetakiwa kufanya nini kabla ya kwenda Kariakoo? Ungetakiwa kutuma kwanza kipima volti cha kuchomeka kwenye soketi, kile kidogo chenye namba nyekundu. Mdogo wako aandike namba mara tatu kwa siku kwa wiki moja: asubuhi, wakati mashine ya kusaga inafanya kazi, na saa mbili usiku. Tuseme anakuletea daftari lenye 224 asubuhi, 190 mchana, 168 usiku, na siku mbili amekuta 155. Hapo UPS ya 180-260V imeshajiondoa yenyewe. Ya 162-290V ingefaa siku nyingi, lakini zile siku mbili ingekimbilia betri. Unatafuta ya kuanzia 140. Na kama daftari lingesema 130 kila jioni, basi hakuna UPS ndogo ya kuleta nafuu. Hapo tatizo ni laini, na daftari hilo hilo lenye tarehe na saa ndilo la kupeleka ofisi ya TANESCO, maana "umeme mdogo" bila namba ni malalamiko ambayo mtu yeyote anaweza kuyapuuza.

Ukiwa dukani, beba kompyuta yako au omba ya pale, iwashe kwenye UPS, fungua kitu, halafu zima swichi ya ukutani. Usichomoe plagi, zima swichi tu ili ethi ibaki. Pawasaplai nyingine haziyapendi mawimbi ya umeme yanayotoka kwenye UPS za bei ndogo, zinajizima papo hapo hata kama betri imejaa. Kama kompyuta imejizima, UPS hiyo si ya kompyuta hiyo, na muuzaji asikwambie itazoea. Haitazoea.

Hasira yangu nyingine naielekeza kwa wanaoandika bajeti. Mara ngapi tumeona kompyuta zinakabidhiwa shuleni kwa picha na makofi, na kwenye karatasi ya manunuzi upande wa ulinzi pameandikwa neno moja tu, "UPS"? Hakuna volti zinazoingia, hakuna ethi, hakuna betri ya kubadilisha baada ya miaka miwili. Mkandarasi analeta ya bei ya chini kabisa na sheria haijavunjwa. Mistari mitatu ingetosha: AVR ya kuanzia volti 140, ethi iliyopimwa na namba yake iandikwe, betri moja ya akiba kwa kila UPS. Aliyeandika "UPS" peke yake ameandika kutoka kwenye ofisi ambayo taa zake hazijawahi kunywea saa mbili usiku.

Basi wewe unayepakia boksi Jumamosi hii, lishushe kwanza kwenye basi. Piga simu, uliza volti ni ngapi saa mbili usiku. Kama hakuna anayejua, tuma kipima volti, boksi litafuata wiki ijayo.

Naomba kutoa hoja.